Kusaka kazi kimya kimya: funga LinkedIn kabla hujagusa wasifu wako

Wengi wanaotafuta kazi nyingine wakiwa bado kazini hukosea kwenye utaratibu. Wanaanza kwa kupamba wasifu, kisha siku mbili baadaye ndipo wanakumbuka kufunga milango. Ukihifadhi cheo kipya au chuo kipya huku swichi ya LinkedIn inayotangaza mabadiliko ya wasifu ikiwa imewashwa, habari inaweza kuwafikia watu uliounganishwa nao, na baadhi yao mnakaa ofisi moja. Ukija kuizima jioni, alichokisoma meneja wako asubuhi amekwisha kukisoma.

Kwa hiyo mwongozo huu unafuata utaratibu wa kinyume: funga kwanza, rekebisha baadaye. Nitamtumia mhasibu mmoja kama mfano. Ana miaka minne kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo Dar es Salaam, amefaulu mitihani ya CPA, sifa ya uhasibu inayotolewa na bodi ya wahasibu ya Tanzania, NBAA, na anataka kuhama bila ofisi kujua. Kwenye LinkedIn ameunganishwa na watu 400 hivi. Kama 60 kati yao ni wa kampuni hiyohiyo, wakiwemo meneja wa fedha na ofisa rasilimaliwatu. Majina ya vitufe nayaandika kama yanavyosomeka kwenye skrini. LinkedIn huyabadilisha maneno mara kwa mara, kwa hiyo ukikuta sentensi imesogea kidogo, tafuta neno lake kuu.

Kwanza: akaunti yenyewe iwe yako

Mhasibu wetu alifungua LinkedIn wiki ya kwanza kazini, akatumia baruapepe ya ofisi. Hili ndilo la kushughulikia mwanzo, kwa sababu arifa zote za kazi, ujumbe wa maofisa ajira na maombi ya kubadili nywila huangukia kwenye sanduku ambalo mtu wa mitambo wa kampuni anaweza kulifungua. Siku akiondoka, baruapepe hiyo inafungwa na anaweza kushindwa kuingia kwenye akaunti yake mwenyewe.

Kwenye kompyuta bonyeza `Me`, kisha `Settings & Privacy`. Kwenye simu gusa picha yako juu kushoto, kisha `Settings`. Ingia `Sign in & security`, halafu `Email addresses`. Ongeza baruapepe yako binafsi, ithibitishe kupitia ujumbe utakaotumiwa, ifanye kuwa ya msingi, ndipo uiondoe ile ya ofisi. Usianze kwa kuiondoa ya ofisi kabla ile mpya haijathibitishwa.

Hapohapo fungua `Where you're signed in`. Utaona orodha ya vifaa ambavyo akaunti yako iko wazi. Toka kwenye kompyuta ya ofisi, na usiingie humo tena mpaka shughuli hii iishe. Watu huuliza kama dirisha la faragha la kivinjari linatosha. Halitoshi. Dirisha lile halihifadhi historia kwenye kompyuta, lakini haliwazuii wenye mtandao kuona tovuti ulizotembelea, wala haliizuii programu ya usimamizi ambayo kampuni imeiweka kwenye mashine yake. Tumia simu yako na bando lako.

Pili: zima matangazo, kisha usiiamini swichi moja

Rudi `Settings & Privacy`, ingia `Visibility`, shuka mpaka sehemu ya `Visibility of your LinkedIn activity`. Hapo kuna mstari unaohusu kuushirikisha mtandao wako mabadiliko ya wasifu. Tafuta maneno `profile updates`. Uzime. Huu ndio unaotangaza mabadiliko ya kazi, ya elimu, na hata kutimiza mwaka mwingine kazini.

Hilo la mwisho wengi hulisahau. Siku mhasibu wetu anapotimiza miaka mitano, LinkedIn inaweza kuwakumbusha wenzake wampongeze. Si siri yoyote, ila inawaleta watu 60 wa ofisini kwenye wasifu wake wiki ileile alipoandika upya kila mstari.

Sasa tahadhari. Unapofungua dirisha la kuongeza au kuhariri kazi, utakuta swichi nyingine imeandikwa `Notify network`. Itazame kila mara unapofungua dirisha, kabla ya kubonyeza `Save`, hata kama ile kubwa uliizima jana. Nimeona watu wakijikwaa hapa kwa sababu waliamini kwamba wakizima sehemu moja wamemaliza. Kuitazama ni sekunde mbili tu.

Kwenye `Visibility` hiyohiyo kuna `Manage active status`, ile nukta ya kijani inayoonyesha kwamba uko mtandaoni. Iweke `No one`. Nukta ya kijani saa nne asubuhi ya siku ya kazi, siku tatu mfululizo, inasomeka vizuri sana na meneja ambaye naye yuko humo.

Tatu: elewa swichi hiyo inazima nini

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo watu wanapojidanganya. Ulichozima ni tangazo. Wasifu wenyewe bado uko wazi. Mtu yeyote wa ofisini akifungua ukurasa wako ataona kila ulichobadilisha, sawasawa na angeona kama hukuzima kitu. Hakuna mpangilio wa LinkedIn unaoficha mstari mmoja wa historia yako ya kazi kwa meneja wako peke yake huku maofisa ajira wakiuona.

Ndiyo maana lugha ya wasifu ina uzito kama swichi. Ukiandika chini ya jina lako kwamba unatafuta fursa mpya, umejifunga mwenyewe. Mhasibu wetu aandike anachofanya: hesabu za kampuni ya usafirishaji, kodi, ufungaji wa vitabu vya mwezi, CPA. Mstari huo unamtosha ofisa ajira anayetafuta mhasibu mwenye CPA, na bosi akiuona ataona mfanyakazi anayejivunia kazi yake. Sentensi ileile inasomwa na wote wawili bila kumsaliti mwenyewe.

Kisha gawanya marekebisho kwa wiki. Wiki ya kwanza aongeze cheti cha CPA, jambo ambalo kila mhasibu angelifanya baada ya matokeo. Wiki ya pili aandike upya maelezo ya kazi ya sasa. Ya tatu apange ujuzi. Picha mpya, maelezo mapya, vyeti vitano na mapendekezo manne ya wenzake vikitokea Jumamosi moja, hata mtu asiyekufikiria vibaya atajiuliza. Mapendekezo hasa yanaumbua, kwa kuwa unapaswa kumwomba mtu, naye anapata muda wa kuwaza kwa nini umemwomba sasa. Waombe watu wa kazi zako za zamani, na mmoja mmoja.

Nne: alama unazoacha ukitembea

Kila unapofungua wasifu wa mtu, kwa kawaida anaweza kuona kwamba ulipita. Mhasibu wetu anataka kumjua meneja wa fedha wa kampuni shindani, na mtu huyo alisoma na bosi wake. Kabla ya kumtembelea, aingie `Visibility`, kisha `Profile viewing options`. Kuna chaguo tatu: jina lako kamili, maelezo ya jumla tu kama vile cheo na sekta, au `Private mode`. Achague hii ya tatu. Ile ya katikati ni mtego kwenye sekta ndogo, kwani ikisema mhasibu wa kampuni ya usafirishaji, Dar es Salaam, watu wenye maelezo hayo wanahesabika kwa vidole.

`Private mode` ina gharama yake: kwenye akaunti ya bure, ukijificha, nawe huwaoni waliokutembelea. Kwa mtu anayesaka kazi hiyo ni hasara, kwa sababu ofisa ajira aliyepita kimya ni dalili njema. Ushauri wangu ni kuwasha `Private mode` siku ya kufanya upelelezi, ukimaliza ukairudisha kwenye jina lako.

Orodha ya marafiki nayo inasema mengi. Ukiunganishwa na mawakala sita wa ajira ndani ya wiki mbili, mwenzako wa ofisini anaweza kuiona orodha kama iko wazi. Kwenye `Visibility` tafuta `Connections` uifunge. Lakini hata ikifungwa, marafiki mnaochangia bado wataonekana. Kama ofisa rasilimaliwatu wenu ameunganishwa na wakala yuleyule, akifungua wasifu wako ataliona jina la wakala kati ya watu mnaofahamiana nao. Kabla ya kukubali au kutuma ombi, mfungue wakala huyo uone mnachangia nani. Ukimwona bosi wako pale, mtumie wakala baruapepe badala ya ombi la urafiki.

Kufuata ukurasa wa kampuni unayoitamani ni kosa jingine dogo lenye sauti kubwa. Kampuni unazofuata huonekana chini ya wasifu wako, sehemu ya `Interests`, na wasimamizi wa ukurasa huo huona wafuasi wao. Badala yake weka arifa ya kazi kwa jina la cheo na mji. Arifa hiyo haionekani kwenye wasifu. Ila ingia `Data privacy`, sehemu ya mapendeleo ya kutafuta kazi, utafute mpangilio unaoanza na `Signal your interest`. Huo huwaonyesha maofisa ajira wa kampuni uliyoiwekea arifa kwamba unaitazama. Kwa kampuni ya mbali ni msaada. Kwa kampuni dada ya mwajiri wako ni hatari, kwa hiyo uamue ukijua.

Halafu kuna kitu ambacho hakina swichi kabisa: laiki na maoni yako. Ukilaiki tangazo la kazi, ukiandika "nimevutiwa" chini ya chapisho la wakala, marafiki zako wanaweza kuletewa chapisho hilo likiwa na jina lako juu. Hakuna mpangilio wa kulizuia. Wakala akiandika kwamba mwenye sifa aache maoni, usiache. Mwandikie kwa ujumbe wa ndani.

Tano: Open to Work, na ngao yake yenye matundu

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi: uwashe `Open to Work`, alama inayoonyesha kwamba unatafuta kazi, au usiwashe? Kwenye wasifu wako kuna kitufe `Open to`, ndani yake `Finding a new job`. Ukijaza vyeo na miji unayotaka, unaulizwa nani aone. `All LinkedIn members` inawaonyesha wote na kuweka ule mduara wa kijani kwenye picha. Huo si wako. Wako ni `Recruiters only`, unaokuonyesha kwa wanaotumia huduma ya kulipia ya LinkedIn ya kutafutia wafanyakazi, bila mduara wowote.

Je, ofisa rasilimaliwatu wa kampuni yako akiwa na huduma hiyo? LinkedIn inasema inachukua hatua kuwazuia maofisa ajira wa kampuni yako na kampuni zinazohusiana nayo wasikuone, na papo hapo inasema haiwezi kuhakikisha usiri kamili. Kauli zote mbili ni za kweli, na ukijua kinga hiyo inavyofanya kazi utaona matundu yako wapi.

Ili ikufiche kwa mwajiri wako, LinkedIn lazima ijue mwajiri wako ni nani. Inajua kupitia kazi ya sasa iliyo kwenye wasifu, ikiwa imeunganishwa na ukurasa rasmi wa kampuni. Mhasibu wetu miaka minne iliyopita aliandika jina la kampuni kwa mkono, kwa kifupi walichokizoea ofisini, akabonyeza hifadhi. Dalili yake ni hii: mahali pa nembo ya kampuni kuna picha ya kijivu ya jengo, na ukigusa jina huendi kwenye ukurasa wa kampuni. Kwa hali hiyo kinga haina cha kushika. Afungue kazi hiyo kuihariri, ahakikishe `Notify network` imezimwa, afute jina, aandike upya polepole, kisha achague kampuni kutoka kwenye orodha inayoshuka ikiwa na nembo yake. Baada ya kuhifadhi, aguse nembo. Ikimpeleka kwenye ukurasa sahihi, ndipo aanze kufikiria `Recruiters only`.

Tundu la pili ni kampuni dada. Kampuni yake ina ndugu inayofanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, yenye ukurasa wake na ofisa wake. Wafanyakazi wote wanajua ni mwenye mali mmoja, lakini kama kurasa hizo hazijaunganishwa ndani ya LinkedIn, mtandao hauna njia ya kulijua hilo. Makundi ya kampuni za familia ya Afrika Mashariki yamejaa hali hii.

La tatu ndilo baya kuliko yote, nalo ni wakala wa nje. Wakala si mfanyakazi wa mwajiri wako, kwa hiyo hazuiwi. Akiwa ndiye anayewatafutia watu kampuni yenu, anakuona umefungua mlango, na wiki ijayo ana kikao na bosi wako.

Kwa mhasibu wetu hukumu yangu ni asiwashe. Ana kampuni dada, na ofisi yake hutumia wakala kwa nafasi za juu. Atapata wachache wanaomtafuta, lakini wasifu wenye CPA na sekta iliyoandikwa wazi unaonekana kwenye utafutaji hata bila alama hiyo. Angekuwa kwenye ofisi ya watu kumi inayoajiri kwa kubandika tangazo kwenye kundi la WhatsApp, ningemwambia awashe usiku huohuo.

Sita: tangazo lisilo na jina

Mipangilio yote inaweza kuwa sawa na bado ukampelekea bosi wako CV kwa mkono wako mwenyewe. Mawakala hutangaza kazi bila kumtaja mwajiri: kampuni kubwa ya usafirishaji, Dar es Salaam, inahitaji mhasibu mwandamizi. Huenda ni ofisi yako inayotaka kuongeza mtu, au kumwondoa mtu. Mwandikie wakala kwanza, bila CV, kitu kama hiki:

"Habari. Nimeliona tangazo lenu la mhasibu mwandamizi. Nina CPA na uzoefu wa miaka minne kwenye usafirishaji. Kwa kuwa bado niko kazini, naomba kujua jina la mwajiri kabla ya kutuma CV, na naomba jina langu lisipelekwe kwa kampuni yoyote bila idhini yangu."

Wakala mzuri atalitaja jina, au walau atakuambia kama ni kampuni unayofanyia kazi. Asiyetaka kufanya lolote kati ya hayo, mwache apite.

Ukituma kwenye tovuti nyingine za ajira, angalia kama CV yako inaingia kwenye hifadhidata ambayo waajiri waliolipia wanaweza kuipekua. Kwenye Indeed, kwa mfano, kuna chaguo la kuifanya CV isipatikane na waajiri huku ukiendelea kuomba kazi moja moja. Kwenye makundi ya WhatsApp ya ajira kumbuka kwamba kila mwanakundi anaweza kuiona namba yako kwenye orodha, na maofisa rasilimaliwatu nao wamo, kwa kuwa ndimo wanamotupia matangazo yao.

Kupima kama umefunga kweli

Tafuta rafiki mmoja unayemwamini, ambaye mmeunganishwa LinkedIn na hafanyi kazi kwenu. Fanya badiliko dogo lisilo na kesi, kama kozi fupi kwenye sehemu ya elimu. Mwombe siku hiyo na kesho yake atazame arifa zake na ukurasa wake wa mwanzo. Wewe nenda kwenye sehemu ya `Activity` ya wasifu wako uone kama kuna chapisho limezaliwa lenyewe. Ukilikuta, gusa vitone vitatu ulifute, kisha rudi kwenye hatua ya pili.

Halafu fungua kiungo cha wasifu wako kwenye dirisha la faragha bila kuingia kwenye akaunti. Unachokiona ndicho anachokiona mtu asiye na akaunti. Kukipunguza, tafuta ukurasa wa kuhariri wasifu wa umma ndani ya `Visibility`. Google inaweza kuendelea kuonyesha maelezo ya zamani kwa wiki kadhaa, kwa hiyo usishtuke ukiyakuta bado.

Ukishapata kazi

Usibadilishe mwajiri kwenye wasifu siku uliyosaini mkataba. Kinga ya `Recruiters only` inafuata kazi ya sasa iliyoandikwa. Ukiweka mwajiri mpya wakati bado unatumikia notisi, kinga inamhamia huyo mpya, na ofisa rasilimaliwatu wa ofisi unayoondoka anaweza kukuona kama mtafuta kazi yeyote. Zima `Open to Work` kwanza. Subiri siku ya kwanza kwenye dawati jipya ipite, badilisha kazi, uchague kampuni yenye nembo, na hapo, kama unataka pongezi, washa `Notify network` kabla ya kubonyeza `Save`.